Kipanya kimoja, kazi mbili: kupanga DPI, kasi na mchapuko kwa kulenga shabaha na kwa kazi za mezani

Watu wengi wana kipanya kimoja tu. Mchana kinafungua Excel, usiku kinashika bunduki kwenye Counter-Strike 2 au Valorant. Mwenye kipanya anapoona risasi zinampita adui pembeni, anakimbilia Windows kupunguza kasi ya kishale. Kesho yake kazini kishale kinatambaa kama konokono, anairudisha kasi juu, na jioni shabaha inaharibika tena. Au inaonekana kuharibika, maana katika gemu hizi mbili kitelezi alichokuwa anakihangaisha hakina uhusiano wowote na shabaha.

Mwongozo huu unashika kisa hicho hicho: kompyuta ya Windows, skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, kipanya cha kawaida, na mtu anayetaka kulenga sawasawa bila kuumiza mkono wakati wa kazi. Wenye Linux na Mac wana sehemu yao fupi mbele.

## Mikono mitatu inayoigusa hesabu

Kipanya hakijui pikseli wala nyuzi za mzunguko. Kihisi chake kinapiga picha za uso wa meza, kinalinganisha picha na picha, kisha kinatuma hatua: nimekwenda kulia hatua 5, nimepanda hatua 2. DPI ni idadi ya hatua hizo kwa kila inchi moja unayokisogeza. Kipanya cha DPI 800 hutuma hatua 800 kwa inchi, yaani kwa sentimita 2.54. Huo ndio mkono wa kwanza.

Mkono wa pili ni Windows. Inapokea hatua na kuamua kishale kisogee pikseli ngapi. Hapa ndipo kipo kitelezi cha kasi, na hapa ndipo kipo kisanduku kiitwacho Enhance pointer precision. Jina hilo limewapotosha wengi. Linaahidi usahihi, lakini kinachowashwa pale ni mchapuko: ukisogeza mkono taratibu, kishale kinatembea kidogo kwa kila hatua; ukiukimbiza mkono, kila hatua inabeba pikseli nyingi zaidi.

Mkono wa tatu ni gemu yenyewe, kupitia namba ya Sensitivity, ambayo hapa tutaiita wepesi. Jambo la kushika ni kwamba gemu nyingi za kisasa za kufyatua risasi husoma hatua moja kwa moja kutoka kwenye kipanya, kwa njia iitwayo Raw Input, na kuiruka Windows kabisa. Hapo maji yanatoka bomba moja lakini yanapita mifereji miwili. Mfereji wa kazi unapita Windows, mfereji wa gemu haupiti. Kinachoshirikiwa ni DPI peke yake.

Kwa hiyo utaratibu wote ni huu: chagua DPI moja na usiiguse tena, panga Windows kwa ajili ya kazi, panga wepesi ndani ya gemu kwa ajili ya shabaha.

## Kwanza ijue DPI yako ya kweli

Kipanya cha gemu chenye programu yake hukuonyesha DPI kwenye skrini. Vile vya bei nafuu vina kitufe nyuma ya gurudumu kinachozunguka ngazi tatu au nne, na mara nyingi huwezi kujua uko ngazi ipi. Vya ofisini havina hata kitufe. Maandishi ya kwenye boksi yasikutulize, pima.

Unahitaji rula yenye upande wa inchi (rula nyingi za shule zinao) na programu ya Paint.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `main.cpl`, bonyeza Enter. Fungua ukurasa wa Pointer Options.
2. Weka kitelezi cha kasi kwenye alama ya 6 kati ya alama 11, yaani katikati kabisa. Ondoa tiki kwenye Enhance pointer precision. Bonyeza Apply. Hapo hatua moja ya kipanya inakuwa pikseli moja ya skrini, bila kuongezwa wala kupunguzwa.
3. Fungua Paint, ukuzaji uwe asilimia 100, na karatasi yake iwe pana kuliko pikseli 1300. Chini kushoto utaona namba za mahali kishale kilipo.
4. Bandika rula mezani kwa gundi ya karatasi. Egemeza ubavu wa kipanya kwenye rula ili kisipinde njiani. Soma namba ya kwanza, sogeza kipanya inchi moja kamili kwenda kulia, soma namba ya pili.
5. Toa namba ya kwanza kwenye ya pili. Tofauti hiyo ndiyo DPI yako, takribani.

Rudia mara tano, kwa sababu jicho na mkono hukosea milimita moja kwa urahisi, na milimita moja katika inchi ni kosa la karibu asilimia 4. Tuseme kipanya chetu cha mfano kimetoa 1010, 985, 1004, 992 na 1009. Wastani ni 1000 kamili. Tunacho kipanya cha DPI 1000, na namba hiyo tutaibeba hadi mwisho.

Ikiwa kipanya chako kina ngazi, pima kila moja na uandike kwenye kipande cha karatasi pamoja na rangi ya taa yake. Angalia pia kama kinakumbuka ngazi baada ya kuzimwa. Baadhi hurudi kwenye ngazi ya kiwandani kila unapowasha kompyuta, na mwenyewe anashinda wiki nzima akijiuliza kwa nini leo shabaha haikai.

## DPI ipi basi?

Matangazo yanauza namba kubwa, 16000, 26000. Kwa kulenga, namba hizo hazikupi kitu utakachokiona. Chukua Counter-Strike 2 kwenye skrini ya 1920. Pikseli moja katikati ya skrini ni pembe ya takriban nyuzi 0.08. Kipanya chetu cha DPI 1000, kwa wepesi tutakaoupata hapa chini, kinageuza nyuzi 0.027 kwa kila hatua. Yaani tayari kinaweza kusogea theluthi moja ya pikseli. Hata kingekuwa cha DPI 400 kwa mwendo uleule wa mkono, hatua yake ingekuwa nyuzi 0.067, bado ndogo kuliko pikseli.

Kwa hiyo DPI tunaichagulia mahitaji ya kazi za mezani, siyo ya gemu. Swali ni moja: mkono usogee sentimita ngapi ili kishale kivuke skrini kutoka ukingo hadi ukingo? Windows ikiwa alama ya 6 bila mchapuko, hesabu ni upana wa skrini kwa pikseli, gawanya kwa DPI, zidisha kwa 2.54.

Skrini ya 1920 kwa DPI 800 inavukwa kwa sentimita 6.1. Kwa DPI 1000 ni 4.9, kwa 1600 ni 3. Mwendo wa sentimita 5 hadi 7 unafanyika kwa kiganja huku kigasha kimetulia mezani, na bado unaacha nafasi ya kubofya seli ndogo ya Excel bila kuikosa. Sentimita 3 zinafaa mwenye mkono mtulivu sana. Wengine watajikuta wanabana misuli ya vidole ili kishale kisiruke, na kubana huko kwa saa nane ndiko kunakochosha mkono, hata kama safari yenyewe ni fupi.

Kwa skrini ya 1920, basi, chukua kitu kati ya 800 na 1000. Kwa skrini ya 4K, yenye upana wa pikseli 3840, chukua 1600, nayo inakurudisha kwenye sentimita 6.1 zilezile.

Kama kipanya chako ni cha bei nafuu na kina ngazi za juu kama 3200 au 6400, ziache. Mara nyingi kihisi hakisomi hatua hizo kweli. Kinasoma chache, kisha kinazizidisha. Dalili yake inaonekana kwenye Paint: chora mistari ya mshazari taratibu, na badala ya mstari laini utapata ngazi za nyumba au mtetemo. Ukiwa hapohapo, chora mistari michache ya mkono huru, iliyokaribia kulala. Ikitoka imenyooka kupita uwezo wa mkono wako, kipanya kina tabia ya kunyoosha mistari yenyewe, mara nyingi huitwa Angle snapping kwenye programu yake. Izime. Mchoraji wa ramani anaweza kuipenda, mlengaji hapana.

## Windows kwa ajili ya kazi

Kitelezi cha Windows kina tabia ambayo ni muhimu kuijua. Ukizima mchapuko, alama zake ni vizidisho vya moja kwa moja. Alama ya 6 ni mara 1. Ya 7 ni mara 1.5, ya 8 ni mara 2, na ya mwisho, ya 11, ni mara 3.5. Kurudi chini, ya 5 ni robo tatu, ya 4 ni nusu, ya 3 ni robo. Windows 11 katika Settings, Bluetooth & devices, Mouse, inaonyesha namba kutoka 1 hadi 20; humo 10 ndiyo alama ya 6 na 6 ndiyo alama ya 4.

Ubaya uko kwenye kupanda. Ukiweka alama ya 8, kila hatua ya kipanya ni pikseli mbili, na zile pikseli za katikati huwezi kuzigusa hata ukitaka. Anayekata picha au kupanga mstari wa jedwali ataliona mara moja: kishale kinaruka juu ya mpaka, kikirudishwa kinaruka tena. Ukiona kasi haitoshi, ongeza DPI na usipandishe kitelezi. Kushuka hakuna hasara hiyo. DPI 1600 kwenye alama ya 4 inatembea sawa na DPI 800 kwenye alama ya 6, bila kuruka pikseli. Hii ndiyo njia ya mtu ambaye gemu yake anaitaka kwa 1600 lakini skrini yake ni ya 1920.

Sasa mchapuko. Kwa kazi za mezani hauna dhambi, na anayeshauri kila mtu auzime bila kuuliza anafanya kazi gani amekariri tu. Mwenye meza nyembamba, skrini mbili na kipanya cha DPI 1000 anahitaji kuvuka pikseli 3840, ambazo bila mchapuko ni karibu sentimita 10. Mchapuko unampa safari fupi akikimbiza mkono na utulivu akiwa juu ya seli. Kama umeuzoea na gemu zako zote zinasoma Raw Input, uache uwake. Kishale kitafuata mchapuko, shabaha haitafuata.

Sababu ya kuuzima kazini ni kama unachora, unahariri picha, au unacheza gemu isiyosoma Raw Input. Kuhakikisha umezimika kweli, fungua Command Prompt na uandike:

```
reg query "HKCU\Control Panel\Mouse" /v MouseSpeed
```

Jibu likiwa 0 umezimika, likiwa 1 unawaka. Agizo hili lina maana zaidi ya linavyoonekana, kwa sababu zipo programu za vipanya zinazougeuza mpangilio huu bila kukuambia kila zinapoanza.

Jambo moja dogo la mwili: kabla ya kubadilisha namba, angalia kiti. Kiwiko kikiwa chini ya usawa wa meza, kiganja kinapinda kwenda juu na kila mpangilio utauona mbaya.

## Kwa nini mchapuko unavuruga kulenga

Mlengaji anakariri mwendo. Adui akitokea kulia kwa nyuzi 30, mkono unajua ni sentimita ngapi kwa sababu umefanya hivyo mara elfu. Mchapuko ukiwaka, sentimita hizo hazina maana moja. Zikienda taratibu ni nyuzi 20, zikienda kwa hofu ni nyuzi 45. Na kwenye gemu mkono hauendi kwa kasi moja, unakimbia zaidi pale hasa unapotakiwa kuwa sahihi.

Kuna walengaji wazuri wanaotumia mchapuko, lakini wanautengeneza wenyewe kwa programu kama Raw Accel, wakiwa wamechagua mkunjo unaopanda taratibu na wenye kikomo. Mkunjo huo ni wao, haubadiliki, nao wameufanyia mazoezi. Anayeanza aachane nao.

## Kupata wepesi wa gemu kutokana na pedi yako

Kunakili namba za mchezaji mashuhuri ni kosa la kawaida. Anacheza kwenye pedi pana na meza tupu, wewe una kibodi kubwa na kikombe cha chai. Anza na nafasi uliyonayo.

Kipimo kinachotumika ni sentimita za kugeuka duara zima, nyuzi 360. Kanuni ya kuanzia ni hii: kipanya kikiwa katikati ya pedi, mkupuo mmoja hadi ukingoni ukugeuze nyuma kabisa, nyuzi 180. Pedi yetu ya mfano ina upana wa sentimita 40. Kutoka katikati hadi ukingo ni 20, toa 3 za nusu ya upana wa kipanya chenyewe, zinabaki 17. Nyuzi 180 kwa sentimita 17 ni duara kwa sentimita 34.

Counter-Strike 2 inageuza nyuzi 0.022 kwa kila hatua ya kipanya ikiwa wepesi ni 1. Valorant inageuza nyuzi 0.07. Ukiziweka pamoja na inchi, zinabaki kanuni mbili fupi:

```
CS2:      wepesi = 41563 / (DPI x cm)
Valorant: wepesi = 13063 / (DPI x cm)
```

Kwa kipanya chetu, DPI mara sentimita ni 1000 mara 34, yaani 34000. Counter-Strike 2 inapata 1.22. Valorant inapata 0.384. Hizo ndizo namba za kuandika katika mpangilio wa kipanya wa kila gemu. Katika Counter-Strike 2 unaweza pia kuiandika kwenye konsoli:

```
sensitivity 1.22
```

Sasa ihakiki kwa rula, usiamini karatasi. Ingia kwenye ramani ya mazoezi, elekeza msalaba wa kulengea kwenye ufa wa ukuta au kona ya dirisha, weka kipanya ukingo wa kushoto wa pedi na ukisogeze hadi ukingo wa kulia. Pedi ya 40 kutoa upana wa kipanya ni 34 kamili, kwa hiyo unapaswa kurudi kwenye ufa uleule. Ukipitiliza au kupungukiwa kwa nyuzi chache, DPI yako ya kweli inatofautiana kidogo na ulivyoipima. Rekebisha wepesi mpaka duara lifunge. Kipimo hiki ni sahihi kuliko kile cha Paint kwa sababu kinatumia sentimita 34 badala ya mbili na nusu.

Wenye pedi ndogo ya sentimita 25 wakifuata kanuni ileile watapata sentimita 9.5 upande mmoja, duara kwa 19, na wepesi wa 2.19 katika Counter-Strike 2. Hiyo ni kasi kubwa. Inavumilika kwenye gemu za kukimbizana, lakini kwa kulenga kichwa cha adui aliye mbali kila mtetemo wa kidole utaonekana. Hapa pesa ya pedi pana ina faida kuliko pesa ya kipanya kipya. Kama pesa haipo, ondoa pedi na tumia meza ya mbao isiyong'aa, au sogeza kibodi iwe mshazari ili upate sentimita za ziada. Kingine ni kukubali kwamba kugeuka nyuma kutahitaji mikupuo miwili, ukachagua duara la sentimita 30 hata hivyo.

Baada ya namba ya kuanzia, cheza siku kadhaa bila kuigusa. Kisha jitazame kwenye makosa ya risasi ya kwanza. Kama msalaba unapita adui halafu unarudi, punguza wepesi kwa asilimia 10: 1.22 inakuwa 1.10. Kama unafika nusu ya njia na kulazimika kuongeza msukumo wa pili, panda hadi 1.34. Kama unakosa pande zote mbili sawasawa, tatizo siyo namba, ni mazoezi, na kubadilisha namba kila jioni kunafuta yale ambayo mkono ulikuwa umeanza kuyakariri.

Ukitaka kuhamia DPI nyingine baadaye, zidisha wepesi wa zamani kwa DPI ya zamani, kisha gawanya kwa DPI mpya. Kutoka 1000 na 1.22 kwenda 1600 unapata 0.7625, na mkono hautahisi tofauti ndani ya gemu. Kwenye menyu utaihisi, maana huko kishale ni cha Windows. Usipime wepesi wa gemu kwa kuzungusha kishale kwenye menyu.

## Gemu yako inapitia mfereji upi?

Gemu za zamani, na baadhi ya mpya, bado husoma kishale cha Windows. Kuijua ni kazi ya dakika mbili. Funga duara kwa rula kama juu. Toka, nenda `main.cpl`, shusha kitelezi hadi alama ya 3, rudi kwenye gemu, rudia. Duara likifunga palepale, gemu inasoma Raw Input. Ukigeuka robo ya duara tu, gemu inategemea Windows. Tafuta kwenye mipangilio yake neno Raw Input uliwashe. Kama halipo, basi kwa gemu hiyo mchapuko wa Windows lazima uzimwe na kitelezi kirudi alama ya 6. Usisahau kurudisha kitelezi baada ya jaribio. Inasahaulika kuliko unavyodhani.

Wakati uko humo, zima chochote kiitwacho Mouse acceleration au Mouse smoothing ndani ya gemu. Hicho cha pili kinachanganya hatua za fremu kadhaa ili picha ionekane laini, na gharama yake ni msalaba unaoburuzika nyuma ya mkono.

## Umezima kila kitu, bado kipanya hakirudi mahali pake

Fanya jaribio la vitabu viwili. Weka vitabu vizito viwili pedini, vikiachana kama sentimita 20. Ndani ya gemu, kipanya kikiwa kimegusa kitabu cha kushoto, elekeza msalaba kwenye alama. Sogeza taratibu sana hadi kitabu cha kulia, kisha rudi kwa kasi yote uliyonayo. Tazama msalaba umetua wapi.

Ukipitiliza alama, yaani mwendo wa kasi umekwenda mbali kuliko wa taratibu, kuna mchapuko mahali fulani. Angalia Windows kwa lile agizo la `reg query`, halafu mipangilio ya gemu, halafu programu ya kipanya. Ukiikuta programu hiyo ndiyo inayowasha, ifute. Vipanya vingi huhifadhi DPI ndani yao na haviihitaji kila siku.

Ukipungukiwa, yaani mwendo wa kasi ni mfupi, huo si mchapuko. Kihisi kinashindwa kufuatilia kasi ya mkono, kinapoteza hatua njiani. Sababu ya kwanza ya kutazama ni unywele au vumbi kwenye tundu la chini. Litoe kwa pamba kavu. Ya pili ni uso wa meza: kioo na mbao zenye vanishi inayong'aa huvichanganya vihisi vingi, na pedi ya kitambaa yenye picha nyingi tofauti ni mbaya kuliko yenye rangi moja. Ya tatu ni kwamba kihisi cha bei nafuu kimefika mwisho wa uwezo wake. Hapo huna dawa ya mpangilio. Ongeza wepesi kidogo ili mkono usilazimike kukimbia hivyo, au badilisha kipanya.

Ukitua juu au chini ya alama tu, bila kukosea upande, pengine umekipindisha kipanya wakati wa kurudi. Rudia na ubavu wake ukiwa umeegemea rula.

Kipanya kisichotumia waya kinapokwama nusu sekunde kisha kinaruka, usianze na DPI. Chomoa kipokezi kutoka tundu la USB 3.0 lililo karibu na diski ya nje, kwa sababu kelele ya USB 3.0 inaangukia masafa yaleyale ya gigahezi 2.4. Kipeleke tundu jingine, au kitumie na waya wa kurefushia kikae mezani karibu na kipanya.

Kuhusu Polling rate, ambayo ni mara ngapi kipanya kinaripoti kwa sekunde: 125 ni ripoti moja kila milisekunde 8, 1000 ni kila milisekunde 1. Weka 1000 kama kipo. Kwenye kompyuta ya zamani, ukiona fremu zinashuka kila unapozungusha kipanya tu, jaribu 500.

## Linux na Mac

Kwenye GNOME, mchapuko unazimwa kwa agizo hili:

```
gsettings set org.gnome.desktop.peripherals.mouse accel-profile 'flat'
```

Ukitaka kuurudisha, badala ya `flat` weka `adaptive`. KDE ina chaguo hilo kwenye mipangilio ya kipanya.

Mac kuanzia macOS Ventura ina swichi ya Pointer acceleration ndani ya System Settings, Mouse, Advanced. Mchapuko wa Mac ni mkali kuliko wa Windows, kwa hiyo siku ya kwanza baada ya kuuzima kishale kitaonekana kizito. Pandisha Tracking speed, na kama haitoshi ongeza DPI kwenye kipanya. Ukifanya hivyo, kumbuka kugawanya upya wepesi wa kila gemu kwa DPI mpya kabla ya kuingia kwenye mechi.